Kufuta kabisa kubaki kwa meneja tu: mjadala wa mfumo wa ushirika wa wavuvi

Katibu wa ushirika, Ilemela

Tunanunua mfumo wa kuandikisha wanachama na mizani ya samaki mwaloni. Mtengenezaji anashauri kwamba karani akifuta kitu kisipotee, kiwekwe kando tu, na kufuta kabisa abaki nako meneja. Nusu ya bodi inasema huko ni kuwadharau makarani na kumpa mtu mmoja rungu. Nyie mnaonaje? Tunapiga kura Jumamosi.

Mtengeneza mifumo, Nyakato

Naunga mkono, na nimefika hapo kwa kuumia. Chama kimoja nilichokihudumia kilikuwa na mwanachama aliyeandikishwa mara mbili, jina la pili likiwa limekosewa herufi moja. Ijumaa saa kumi jioni karani akaamua kusafisha orodha. Alidhani anafuta lile jina tupu, kumbe amefuta lenye rekodi. Aliyeujenga mfumo kabla yangu alikuwa ameweka `ON DELETE CASCADE`, kwa hiyo mwanachama alipoondoka aliondoka na kila kilichomtegemea: rekodi 63 za mizani ya sangara, pamoja na mkopo wake wa nyavu.

Nakala ya akiba ilikuwepo, imechukuliwa saa nane usiku. Lakini kuirudisha yote kungemrudisha yule mmoja na kufuta kila kilichopimwa tangu alfajiri kwa wanachama wote. Ikabidi tuifungue kwenye seva nyingine, tuchomoe mistari yake peke yake, tuihamishe kwa mkono. Zikarudi rekodi 61. Mbili za asubuhi ile tuliziandika upya kutoka kwenye stakabadhi za karatasi alizokuwa nazo mfukoni. Tulimaliza saa tano usiku, na karani alikaa nasi muda wote akitetemeka.

Sasa anachoshauri mtengenezaji wenu ni kwamba kila mstari uwe na nafasi ya `deleted_at`, na kwa kawaida iwe wazi. Karani akifuta, mfumo unaandika humo tarehe na saa, na pembeni unaandika nani amefuta. Skrini za kawaida zinaonyesha tu mistari ambayo nafasi hiyo iko wazi. Kurudisha ni kuifuta ile tarehe, basi. Yule karani wangu angemaliza kosa lake kabla chai haijapoa.

Karani wa mizani, mwalo mmoja Ilemela

Mimi ndiye nayezungumziwa, naomba nisikilizwe. Mitumbwi ikifika pamoja, watu wamesimama mbele yako, mikono ina maji, unaandika kilo 58 badala ya 5.8. Mnaniambia sitapoteza kitu, sawa. Je, kukirudisha lazima nimpigie meneja? Akiwa Ukerewe na mtandao haushiki, nitaandika rekodi ya pili juu ya ya kwanza na kunyamaza. Ndivyo tunavyofanya hata sasa, na ndiyo maana hesabu za jioni hazilingani.

Mtengeneza mifumo, Nyakato

Hapana, na hapo umegusa mahali ambapo mifumo mingi inakosewa. Kufuta kwa kuweka kando kuwe kwako, na kurudisha kuwe kwako. Aliyekosea arekebishe mwenyewe, jina lake likiandikwa pande zote mbili. Cha meneja ni kile kimoja tu kisicho na njia ya kurudi. Ukimlazimisha karani kuomba ruhusa ya kutengua kosa dogo, utapata makosa yaliyofichwa.

Mchuuzi wa dagaa, Kirumba

Mimi napinga. Meneja hawezi kumfuta mwanachama peke yake, na karani ndiyo kabisa. Katika kikundi chetu mtu anaondolewa na mkutano mkuu, anaitwa, anajitetea. Mwaka juzi nilikuta jina langu halipo kwenye orodha ya gawio kwa sababu nilichelewesha ada wakati mwanangu anaumwa. Hakuna aliyeniambia. Leo mnataka kitufe?

Mtengeneza mifumo, Nyakato

Pole sana dada. Katibu anauliza juu ya kufuta maandishi kwenye mfumo, siyo uanachama. Lakini kisa chako kinaonyesha watu wanavyochanganya mambo hayo mawili. Mwanachama aliyechelewesha ada hafutwi, anabadilishiwa hali: "amesimamishwa", "amejitoa", "amefariki". Mstari wake unabaki kwenye orodha na kila mtu anauona. Kufuta kuwe kwa kile ambacho hakikupaswa kuandikwa kabisa, kama lile jina lililorudiwa. Katibu, mwambie mtengenezaji aweke nafasi ya hali kwanza. Makarani wakiikosa watatumia kufuta, na watu watatoweka kwenye gawio kama ulivyotoweka wewe.

Msimamizi wa kompyuta wa shule, Nyegezi

Mnasifia mno. Mstari uliowekwa kando bado upo kwenye kanzidata, na bado umeshika namba ya simu. Mwanachama aliyefutwa kimakosa akija kuandikishwa upya, mfumo utakataa: namba hii ina mtu. Nimeliona hilo kwa wanafunzi. Dawa ni rahisi, weka upekee, yaani sharti la kutorudiwa, kwenye simu na `deleted_at` kwa pamoja, badala ya simu peke yake.

Mtengeneza mifumo, Nyakato

Tatizo umelitaja sawasawa, lakini hiyo dawa inaua. Kwa wanachama walio hai, yaani wasiofutwa, `deleted_at` ni `NULL`, maana yake iko wazi, na katika kanzidata kwa kawaida `NULL` moja haihesabiwi kuwa sawa na nyingine. Maana yake watu wawili walio hai wanaweza kuandikishwa kwa simu moja na hakuna kitakachowazuia. Jaribu leo kwa kuingiza namba moja mara mbili, utaona zote zinapita. Kwenye PostgreSQL mimi naandika hivi:

```sql
CREATE UNIQUE INDEX simu_hai
ON wanachama (simu) WHERE deleted_at IS NULL;
```

Upekee unawahusu walio hai tu. Linabaki gumu moja: ukitaka kumrudisha wa zamani huku namba yake imeshachukuliwa na mwingine, mfumo utakataa, na ni haki ukatae. Hapo mtu aamue nani mwenye namba.

Msimamizi wa kompyuta wa shule, Nyegezi

Nimejaribu. Kweli zimepita zote mbili. Nashukuru.

Mhasibu mstaafu, Pasiansi

Vijana, mnabishana nani afute, wakati kwenye fedha hakuna anayepaswa kufuta. Tulipotumia madaftari, ukikosea ulipiga mstari mmoja juu ya namba ili iendelee kusomeka, ukaandika sahihi pembeni, ukaweka saini. Kuchana ukurasa ilikuwa kesi. Rekodi ya mizani iliyokwisha kulipwa ni fedha. Kilo 58 zikiwa kosa, andikeni rekodi mpya ya kutoa 58, kisha nyingine ya kuingiza 5.8. Zote tatu zibaki.

Na nawapa sababu ya pili. Nimekagua chama ambacho mpokea fedha alikuwa anafuta stakabadhi jioni baada ya mteja kulipa taslimu na kuondoka, kisha fedha anaweka mfukoni. Tuliligundua kwa sababu namba za stakabadhi ziliruka, kutoka 4417 hadi 4419. Iliyo katikati haikuwepo popote, na aliyeifuta hakujulikana.

Mtengeneza mifumo, Nyakato

Mzee, hapo nakubali na ninarudi nyuma kidogo. Kwa orodha ya wanachama, vyombo na anwani, kuweka kando kunafaa. Kwa mizani ambayo bado haijalipwa, kunafaa pia. Ikishalipwa, kitufe cha kufuta kiondoke hata kwa meneja, ibaki njia yako ya kutengua kwa maandishi.

Katibu, ulizeni jambo moja kabla ya kusaini. Ulizeni hilo katazo limewekwa wapi. Wengi wanaficha kitufe kwenye skrini ya karani, huku nyuma mfumo mzima ukiingia kwenye kanzidata kwa akaunti moja inayomiliki kila jedwali. Mlango wa mbele umefungwa, dirisha la nyuma liko wazi: programu ikiwa na kosa, au mtu akiipata nywila ile, anafuta atakacho. Akaunti ya kazi za kila siku isiwe mmiliki wa jedwali, na inyimwe uwezo huo kabisa:

```sql
REVOKE DELETE, TRUNCATE
ON wanachama, mizani FROM makarani;
```

Kufuta kabisa kupite kwenye akaunti nyingine, yenye nywila yake. Siku ya makabidhiano mwambieni aingie kwa akaunti ya makarani mbele yenu na ajaribu `DELETE`. Lazima jibu liwe `permission denied for table mizani`. Likija jibu lingine, msilipe awamu ya mwisho.

Kisha mfanye jaribio la ripoti. Wekeni kando rekodi moja ya kilo 100, mtoe jumla ya mwezi. Jumla isiposhuka kwa 100, mwandishi wa ripoti amesahau kuwaacha nje waliofutwa. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye mifumo ya namna hii, na halipigi kelele, linakaa miezi.

Karani wa mizani, mwalo mmoja Ilemela

Basi kama zilizolipwa hazifutwi, na zisizolipwa narudisha mwenyewe, meneja anabaki kufuta nini?

Mtengeneza mifumo, Nyakato

Vichache, lakini vipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inampa mtu nafasi ya kudai taarifa zake ziondolewe zisipokuwa na sababu ya kubaki. Mtu aliyejitoa, amelipwa haki zake zote, ana haki ya kuuliza kwa nini picha yake na namba ya kitambulisho cha taifa bado mnazo. Kumwekea tarehe kwenye `deleted_at` hakujafuta chochote, kumemficha tu. Hiyo ndiyo kazi ya ufunguo wa meneja. Rekodi zake za fedha zibaki na namba ya uanachama, jina liondolewe. Na kumbukeni nakala za akiba: picha itaendelea kuwemo humo hadi nakala hizo zizeeke na kufutwa, kwa hiyo msimwahidi kwamba imeisha siku hiyohiyo.

Mhasibu mstaafu, Pasiansi

Kuondoa jina kwenye rekodi ya fedha sikubali. Mkaguzi akija baada ya miaka 3 akauliza mwanachama 212 ni nani, mtamjibu nini?

Mtengeneza mifumo, Nyakato

Ni swali la haki. Mimi ningeweka muda: jina libaki hadi kipindi cha kutunza hesabu kiishe, ndipo liondoke. Picha na kitambulisho viondoke mapema. Lakini mwanasheria wa ushirika aseme, siyo mimi.

Mchuuzi wa dagaa, Kirumba

Na huyo meneja, nani anamwangalia? Aliyeniondoa mimi hakuwa karani.

Katibu wa ushirika, Ilemela

Hilo ndilo litakaloamua kura yetu. Nitapeleka kwenye bodi pendekezo kwamba meneja aombe, mhasibu athibitishe kwa akaunti yake, na ombi likae siku 7 kabla ya kutekelezwa, huku orodha ya maombi ikibandikwa ubaoni ofisini. Tatizo ni kwamba mhasibu wetu ameajiriwa na meneja huyohuyo. Mwenye ushirika mdogo kama wetu, wa watu watatu ofisini, ufunguo wa pili mmempa nani?