Kikundi cha familia: Zawadi anamshikia shangazi darasa

Zawadi: Shikamooni wote. Shangazi Rehema, mwalimu mkuu amekubali. Nashika darasa lako la pili kuanzia kesho Jumatatu hadi Ijumaa, mpaka utakaporudi kutoka kumuuguza bibi. Azimio la kazi nimeliona kabatini, ila ramani ya viti sijaielewa.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Nipo kwenye basi, nimeshapita Chalinze, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika. Andalio ukilikosea utalirekebisha kesho yake. Ninachokuomba kwanza ni viti, usivibadilishe wiki hii.

Babu Salehe: Rehema, mtoto akiingia darasa geni lazima apange upya. Wafupi mbele, warefu nyuma, watundu chini ya macho yako. Nimefundisha miaka 31 hivyo.

Shangazi Rehema: Shikamoo baba mdogo. Kwa darasa ambalo wote wanaona na kusikia sawa, hapo sina ubishi. Langu ndivyo lilivyofanyiwa mwaka jana. Mwenzangu aliyenishikia alipanga kwa urefu, kwa nia njema kabisa. Nina binti mmoja mwenye ualbino, mrefu kuliko wenzake, akapelekwa nyuma kando ya dirisha. Niliporudi nikafungua daftari lake: siku nne, tarehe na kichwa cha somo tu. Pembeni kumeandikwa kwa wino mwekundu "mvivu". Nililia ofisini.

Zawadi: Jamani. Sasa anakaa wapi?

Shangazi Rehema: Safu ya ukutani, dawati la kwanza. Dirisha liko upande wa pili, kwa sababu mwanga ukimpiga usoni haoni ubao hata akiwa karibu. Ukiandika ubaoni, soma kwa sauti unachokiandika, neno kwa neno. Andika makubwa. Na yeye ana ruhusa ya kusimama na kusogea mpaka pua iguse ubao bila kuomba, wenzake wameshazoea. Ukimwona anainamisha kichwa upande mmoja au anamchungulia jirani, ujue ubao umempotea. Mstarini asubuhi anasimama chini ya mwembe akiwa na kofia. Mwalimu wa zamu akimwita kwenye jua, mwambie kwa upole ni utaratibu wetu.

Zawadi: Jina lake?

Shangazi Rehema: Majina nakutumia pembeni. Humu ndani tuko watu 40, na haya ni mambo ya watoto wa watu.

Mama Nasri: Afadhali mmeongelea viti. Nasri wangu naye wamemweka nyuma, ameshuka kutoka wa 6 mpaka wa 30. Rehema, niende nikamwombee mbele?

Shangazi Rehema: Wifi, Nasri yuko shule nyingine na sijamwona darasani. Mpe daftari, kaa naye umbali wa hatua kama sita, umwandikie sentensi kwenye karatasi kubwa asome. Akikunja uso au akikosea herufi zinazofanana, mpeleke akapimwe macho kabla ya kudai kiti. Akisoma vizuri, basi kiti si tatizo lake.

Mama Nasri: Sawa, nitajaribu leo jioni. Ila najua ni kiti.

Shangazi Rehema: Zawadi, wa pili ni mvulana mwenye kifafa. Safu ya katikati upande wa mlango, dawati la tatu, anakaa pembeni penye njia. Madawati yetu ni ya watoto watatu, usikubali aketi katikati, maana akianguka huwezi kumtoa. Dada yake wa darasa la tano atakuja kila asubuhi kukwambia kama amekunywa dawa. Asipokuja, mfuate wewe.

Babu Salehe: Akianguka mlaze ubavu, watoe wenzake nje, na umwekee kijiko kati ya meno asijing'ate ulimi.

Shangazi Rehema: Baba mdogo, ubavu sawa, wenzake nje sawa. Kijiko hapana. Kinavunja meno na kinaweza kumkaba. Zawadi, usiweke kitu chochote mdomoni, wala usimkamate mikono. Sogeza dawati, mwekee sweta chini ya kichwa, tazama saa. Kwake huwa kama dakika mbili, kisha anaamka amechoka na anataka kulala. Mlaze kwenye mkeka, asishtuliwe. Zikipita dakika 5, au ikirudi kabla hajazinduka, ni zahanati papo hapo. Namba ya mama yake imebandikwa ndani ya mlango wa kabati.

Babu Salehe: Hiyo ya kijiko tulifundishwa hivyo enzi zetu.

Shangazi Rehema: Najua, na ndivyo wengi wanavyofanya mpaka leo.

Zawadi: Nimeandika. Na mkeka wenyewe ni wa nini? Nimeuona mbele.

Shangazi Rehema: Watoto 78, madawati 24. Sita hawana pa kukaa. Kila asubuhi watoto wa madawati mawili wanashuka mkekani, waliokuwa mkekani wanapanda kwao. Kiongozi wa darasa anajua zamu imefika wapi. Madawati ya wale wawili niliokutajia tunayaruka. Usipogeuza zamu, watabaki walewale chini, na wataandikia mapajani wiki nzima.

Zawadi: Rejista niite majina yote 78? Kipindi chenyewe dakika 30.

Babu Salehe: Ita yote. Mwalimu asiyeita majina hajui watoto wake.

Shangazi Rehema: Kesho ita yote, babu yako ana haki, utazijua sura. Kuanzia Jumanne waulize viongozi wa safu nani hayupo, kisha hakikisha kwa macho yako, kwa sababu wanafichiana.

Babu Salehe: Mimi ningeita siku zote tano.

Zawadi: Kuhesabu umefika kutoa kwa kuchukua?

Shangazi Rehema: Ndiyo, na hapo utahangaika kidogo. Wape 42 toa 17. Karibu nusu watakuletea 35. Hawajakisia. Wameona 2 ni ndogo kuliko 7, wakageuza, wakatoa 2 kwenye 7, wakapata 5. Ukiweka kosa jekundu tu hawatajua walipopotea. Chukua njiti kwenye boksi: vitita vinne vya njiti kumi kumi, na njiti mbili pembeni. Mwambie mtoto akupe saba. Atatazama zile mbili, atakutazama wewe. Nyamaza. Mmoja atasema "tufungue kitita". Akifungua zinakuwa 12, akitoa saba zinabaki 5. Vitita vimebaki vitatu, akitoa kimoja vinabaki viwili. 25. Warudie mikononi siku mbili kabla ya kurudi daftarini.

Zawadi: Na wakipiga kelele? Fimbo nimeiona juu ya kabati.

Shangazi Rehema: Hiyo ni ya kuonyeshea silabi ubaoni. Kuchapa huruhusiwi: ni mwalimu mkuu au aliyempa ruhusa kwa maandishi, na viboko vinaandikwa kitabuni. Mimi nanyamaza, nanyanyua mkono, safu ya kwanza kunyamaza inatangulia kwenye uji saa nne.

Babu Salehe: Watoto 78 kwa kunyanyua mkono?

Shangazi Rehema: Jumatatu itachukua muda, baba mdogo. Wanampima mgeni.

Zawadi: Shangazi, ufunguo wa kabati anao nani?

Shangazi Rehema: Mama wa uji. Fika saa moja kasoro, kabla hajawasha jiko.