Nimeacha kazi, bosi kaniambia nikae nyumbani kwa mshahara. Naweza kuanza kwingine?

Muuza_Vipimo: Wakuu, heshima kwenu. Nauza vifaa vya maabara hapa Dar, mshahara wa mwezi. Nimeandika barua ya kuacha kazi, notisi siku 28, naenda kwa washindani wao. Afisa utumishi kapokea barua, kachukua kompyuta na funguo za gari, akasema nikapumzike, mshahara utaingia kama kawaida. Barua hakunipa. Jioni kanitumia ujumbe kwamba siku 12 za likizo nilizobakiza zinahesabiwa humo humo. Kule wananitaka Jumatatu. Nianze?

Chuma_cha_Pua: Anza tu mkuu. Wakishakulipa notisi hawana chao kwako.

Bibi_Mashauri: Chuma, hapo umechanganya. Wangemlipa pesa ya notisi badala ya notisi yenyewe, ajira ingeisha siku hiyo na Jumatatu angekuwa huru. Huyu kaambiwa akae nyumbani, kwa hiyo bado ni mwajiriwa wao mpaka siku ya 28, makato ya NSSF yanaendelea. Akionekana kwa mshindani kabla ya hapo kawapa sababu mkononi.

Mdogo wangu, kinachonitisha zaidi ni kwamba huna karatasi. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamruhusu mwajiri kumkata pesa mfanyakazi aliyekataa kufanya kazi kipindi cha notisi. Kesho wakisema hukutokea, utajibu nini? Waandikie barua pepe leo: "Kwa maelekezo yenu ya tarehe fulani nipo nyumbani, niko tayari kurudi mkinihitaji." Tunza nakala kwenye barua pepe yako binafsi, maana ya ofisi wataifunga.

Na hizo siku 12 wasikudanganye. Kifungu hicho hicho kinakataza notisi kwenda sambamba na likizo. Likizo usiyochukua inalipwa peke yake mwisho wa ajira.

Kijana_wa_Stoo: Hata mimi nilikaa nyumbani miezi miwili nalipwa, vifaa vilipotea stoo. Nikaitwa kwenye kikao, nikarudi kazini.

Bibi_Mashauri: Wewe ulisimamishwa kupisha uchunguzi, mwenzako kaacha mwenyewe.

Muuza_Vipimo: Asante dada. Naomba kule wasogeze tarehe. Ila nusu ya kipato changu ni kamisheni, na nyumbani siuzi kitu. Hiyo nayo wanalipa?

Bibi_Mashauri: Mauzo uliyokwisha kufunga, dai. Ambayo ungeyafanya ndiyo yenye ubishi, soma mkataba wako unasemaje. Au waombe wakulipe siku zilizobaki muachane leo. Hiari ni yao, lakini waajiri wengine hukubali.

Chuma_cha_Pua: Kwa mtu anayeenda kwa washindani wao? Hawakubali ng'o. Wanataka wateja wakusahau kwanza.

Muuza_Vipimo: Barua pepe nimetuma. Mkataba nao nausoma, kipengele cha kukaa nyumbani sikioni kabisa. Walikuwa na haki ya kunitoa ofisini?

Chuma_cha_Pua: Unalipwa kulala halafu unalalamika?

Bibi_Mashauri: Kwa mtu wa kamisheni si kulala tu huko. Weka picha ya ukurasa wa malipo, ziba majina.