Tupeane uzoefu: ulishawahi kugeuza ratiba ya vipindi, siku zikae juu na saa zikae pembeni?

Mwana wa Ngamiani
Wakuu wa Tanga na kwingineko, leo nimepita ofisi ya walimu nikamkuta kijana anagonga ratiba upya, kisanduku kimoja kimoja, kisa mkuu wa shule kataka saa zishuke pembeni na siku ziende juu. Nimekumbuka mbali. Nyie ilikuwaje?

Bi Raskazone
Mimi niliandika kwa mkono, siku mbili nzima.

Taaluma Mstaafu
Yangu sitaisahau. Ratiba ya kidato cha pili ilikuwa kwenye Word, siku tano zinashuka, vipindi nane na chai vinakwenda kulia. Kila kisanduku kina somo juu na herufi za mwalimu chini yake. Nikakopi nikabandika Excel, nikakopi tena hapo hapo Excel, nikachagua Paste Special, nikaweka tiki Transpose, ikageuka kweli. Ila badala ya safu tano za siku zikaja kumi na moja! Kumbe ule mstari wa pili ndani ya kisanduku Excel inauona ni safu mpya, kwa hiyo kila siku ilikuwa imepasuka, somo huku, herufi kule. Nikasema hamna shida, nitaziunganisha mbili mbili. Jumatatu sawa, Jumanne sawa, Jumatano sawa. Alhamisi kulikuwa na Fizikia yenye mistari mitatu, somo, mwalimu, na neno "maabara", na siku hiyo ikachukua safu tatu, mimi sijaona. Nikaunganisha mbili tu, kuanzia hapo Ijumaa yote ikasogea. Herufi za Ijumaa zikabaki peke yake mwishoni, nikaona takataka, nikafuta, nikajazia za Alhamisi. Ijumaa saa 2:00 mwalimu wa Kiswahili ameitwa madarasa mawili, darasa jingine limekaa bila mtu mpaka chai. Niliumia sana aisee, watoto walikuwa na mtihani wiki ile.

Kijana wa Makorora
Duh, pole mzee wangu.

Dereva wa Pangani
Si mngegeuza tu karatasi ilale? Kwenye printa kuna sehemu ya kulaza ukurasa.

Bi Raskazone
Kulaza karatasi hakubadilishi kitu kaka, Jumatatu itabaki pale pale pembeni.

Fundi Steshenari Chumbageni
Mimi hizi nazifanya kila Januari. Kosa halikuwa kwenye kugeuza, lilianzia kwenye kuhamisha. Ukiwa bado Word, chagua jedwali lote, bonyeza Ctrl+H, tafuta `^p` weka `#`, halafu rudia kwa `^l`. Ikikuuliza iendelee na sehemu nyingine ya waraka, kataa. Sasa kila kisanduku kina mstari mmoja, "Hisabati#MK". Ukishabandika Excel hesabu mistari kabla hujagusa kitu: kichwa na siku tano ni sita. Ukipata saba, rudi Word.
Kipindi cha dabo na ile MAPUMZIKO iliyounganishwa juu hadi chini, viachanishe kwanza, maana ukiachanisha neno linabaki kisanduku cha kwanza tu, vingine vitupu. Jaza jina kote, ndipo ugeuze. Ukimaliza, Ctrl+H tena, tafuta `#`, kwenye kubadilisha bonyeza Ctrl+J, mistari inarudi.

Mwl Kompyuta Muheza
Paste Special ni ya kizamani. Andika fomula, ukibadilisha ratiba ya zamani, ile mpya inajibadilisha yenyewe:

```
=TRANSPOSE(Zamani!A1:J6)
```

Fundi Steshenari Chumbageni
Mwalimu, hiyo visanduku vitupu inavijaza sifuri. Na kwenye Excel za zamani lazima uchague kwanza eneo lote la A1:F10 kisha Ctrl+Shift+Enter. Kompyuta za shule nyingi hapa ni hizo hizo za zamani.

Mwl Kompyuta Muheza
Sifuri ni kitu kidogo, unaziondoa. Kuna mwalimu akihama katikati ya muhula wewe utageuza upya mara ngapi?

Fundi Steshenari Chumbageni
Mara moja tu, nikabandike ukutani. Ila kuna fomula naikubali, ya kuhakiki. Kabla hujarudisha mistari kwa Ctrl+J, fungua shiti ya tatu, weka hii A1, ivute mpaka F10:

```
=INDEX(Zamani!$A$1:$J$6,COLUMN(),ROW())=Mpya!A1
```

Ikitokea FALSE hata moja, kisanduku hicho kimehama. Lakini inalinganisha shiti mbili za Excel tu, kama umeharibu wakati wa kutoka Word itakuambia TRUE kila mahali.

Taaluma Mstaafu
Basi hapo mimi ningehakiki kabla ya kuunganisha ningepata TRUE tupu, maana Alhamisi yangu ilipasuka mapema.

Fundi Steshenari Chumbageni
Ndiyo mzee. Ungehesabu mistari ungepata kumi na mbili.

Ustadhi wa Pangani
Ya madrasa yetu ipo ubaoni kwa chaki, nayo nataka kuigeuza. Nianzie wapi?

Bi Raskazone
Ustadhi, chukua siku moja uishushe yote mpaka mwisho ndipo uende siku ya pili, usirukeruke. Mimi nilirukaruka, ndiyo maana zikawa siku mbili.

Mwana wa Ngamiani
Nampigia yule kijana sasa hivi, alikuwa amefika Jumatano.