Picha ya duara, pembe ya 75 na jibu la sentimita 2,100: dogo kakosea wapi?

DadaNgamiani:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Niko Ngamiani, Tanga mjini. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu na kitabu hana, kwa hiyo mwenzake wa Muheza kampigia picha swali na kumtumia kwenye simu. Picha yenyewe imepigwa usiku, kiubavu, na kivuli cha mkono kimelala upande mmoja.

Kuna duara lenye kitovu O. Mstari AOB umenyooka kutoka ukingo hadi ukingo, na pembeni yake pameandikwa 28 sm. Kuna mstari mwingine OC, na pembe BOC imeandikwa 75, ila tarakimu ya kwanza imepitiwa na mkunjo wa karatasi, unaweza kuisoma 1. Swali linasema: geuza pembe iwe radiani, kisha tafuta urefu wa tao BC na eneo la sekta iliyotiwa kivuli.

Dogo kaandika s = rθ, akapata 28 × 75 = 2,100 sm. Eneo kapata 29,400. Mimi hesabu niliziacha zamani, lakini mita 21 kwenye duara la ukubwa wa sahani naona haiwezekani. Nilichapisha picha nikapima kwa kipimapembe, ikaja 71. Sasa ni 71, 75 au 15?

Mzee wa Kikokotoo:
Rahisi hiyo. Kikokotoo kiko kwenye DEG. Mwambie akiweke kwenye RAD, aingize tena zile zile, jibu litatoka sawa.

DadaNgamiani:
Tumeweka RAD mkuu. Imetoka 2,100 vile vile.

Ticha_Chumbageni:
Lazima itoke vile vile. DEG na RAD zinabadilisha namna kikokotoo kinavyosoma au kutoa pembe kwenye sin, cos, tan na vinyume vyake kama sin⁻¹, si kwenye kuzidisha. Ukiandika 28 × 75, hakijui kama 75 ni pembe au ni bei ya vitumbua, kinazidisha basi. Kugeuza ni kazi ya mwanafunzi.

Dada, tuanze na picha, maana huko ndiko kosa la kwanza liliko. AOB inapita kwenye kitovu, kwa hiyo 28 ni kipenyo. Kwenye kanuni r ni nusu kipenyo, yaani 14. Wengi wanaona namba iko karibu na mstari unaogusa O wanaichukua kama r. Fuata mstari kwa kidole: ukiishia kitovuni ni nusu kipenyo, ukivuka hadi ng'ambo ni kipenyo.

Sasa hiyo 71 yako. Kwenye hiyo karatasi uliyochapisha, pima upana wa duara na urefu wake.

DadaNgamiani:
Upana sm 9, kwenda juu sm 7.

Ticha_Chumbageni:
Ndiyo hivyo. Duara la kweli lina upana ule ule kila upande. Simu ilishikwa kiubavu, duara likabonyea likawa kama yai, na pembe nazo zikabonyea. Kama OB imelala mlalo, pembe ya 75 ikibonyezwa kwa uwiano wa 7 kwa 9 inaonekana kama 71 hivi, sawasawa na ulichopima. Kwa hiyo kipimo chako si cha kuingiza kwenye hesabu, ila kimetusaidia: pembe ya 15 isingeweza kuonekana 71 kwenye picha hiyo. Tarakimu iliyokunjwa ni 7.

Pembe kwa radiani ni 75 × π ÷ 180, ambayo ni 5π/12, karibu 1.309. Sasa ndipo kanuni zinafanya kazi:

```
s = rθ     = 14 × 1.309             = 18.33 sm
A = ½ r²θ  = ½ × 14 × 14 × 1.309    = 128.28 sm za mraba
```

Radiani 1 ni pembe ambayo tao lake lina urefu sawa na nusu kipenyo. Ndiyo maana s = rθ ni fupi hivyo: 1.309 inakuambia tao hili ni nusu kipenyo mara 1.309. Ukiingiza 75 umesema tao ni nusu kipenyo mara 75, wakati kuzunguka duara zima ni mara 6.28 tu. Basi dogo ajizoeze kutazama: θ ikizidi 6.28, hakugeuza.

Jamila wa Pongwe:
Mbona mnazunguka? Radiani za nini? 75 ÷ 360 × mzingo, umemaliza. 75/360 × 2 × 22/7 × 14 = 18.33. Eneo 75/360 × 22/7 × 196 = 128.33. Sisi tulifundishwa hivi na tulifaulu.

Ticha_Chumbageni:
Jamila, njia yako ni sahihi, na ni nzuri kwa kuhakiki. Lakini swali limeagiza pembe igeuzwe kwanza, na hatua hiyo ina alama zake. Hiyo 128.33 dhidi ya 128.28 isimtishe dogo, ni tofauti ya 22/7 na π ya kikokotoo. Kwa desimali moja zote ni 128.3. Aangalie swali limeagiza π ipi.

FundiGrili:
Samahani kuingilia, ila naona mnaongelea tao. Nachomelea madirisha hapa Makorora. Mteja anataka upinde juu ya dirisha, upana sm 120, kimo cha upinde sm 20. Sina pembe, sina nusu kipenyo. Huwa nakata flati ndefu, nakunja, nachoma mabaki. Kuna namna?

Ticha_Chumbageni:
Ipo fundi. Nusu ya upana ni 60. Nusu kipenyo = (60² + 20²) ÷ (2 × 20) = 4,000 ÷ 40 = sm 100. Nusu ya pembe ni sin⁻¹ ya 60/100. Hapa sasa ushauri wa Mzee wa Kikokotoo una kazi: ukiwa kwenye RAD utapata 0.6435 moja kwa moja, ukiwa kwenye DEG utapata 36.87 na itabidi ugeuze. Mara mbili yake ni 1.287, zidisha kwa 100, flati yako ni sm 128.7.

Mzee wa Kikokotoo:
Afadhali nimetajwa kwa jema.

DadaNgamiani:
Asante sana Ticha. Dogo kaielewa, anafanya nyingine sasa. Limebaki moja: kwenye picha kivuli cha mkono kimefunika upande wa BOC, na ule upande mkubwa nao una weusi weusi. Sekta iliyotiwa kivuli ni ipi?

Ticha_Chumbageni:
Hapo siwezi kukuamulia. Kama ni ile kubwa, pembe ni 360 − 75 = 285, yaani 19π/12 au 4.974, na eneo ni 98 × 4.974, karibu 487.5. Tao BC halibadiliki, kwa sababu pembe BOC imetajwa. Kivuli cha kitabu huwa ni mistari ya mshazari au rangi inayoishia kwenye mstari wa OC kabisa, cha mkono kinavuka mistari bila kujali. Mwambie mwenzake wa Muheza apige tena mchana, simu ikiwa juu ya karatasi.

FundiGrili:
Ticha, hiyo 128.7 ni ya upande wa ndani wa upinde au wa nje? Flati ina unene.