Mwanya wa miaka minne kwenye wasifu wa kazi: useme au uzibe?

Mhasibu wa Mwanza: Niliacha kazi Machi 2021 baba alipopata kiharusi. Ndugu zangu wana watoto wadogo, mimi nilikuwa peke yangu, basi mzigo ukaniangukia. Baba alifariki Novemba 2024. Sasa nimeitwa kwenye usaili, na wasifu wangu una shimo la karibu miaka minne. Rafiki yangu anasema niandike "mshauri binafsi wa hesabu" nilizibe. Sitaki kudanganya, ila kila nikijaribu kueleza najisikia naomba radhi. Mnasemaje?

Kijana wa Ubungo: Ziba tu dada. Andika miaka, miezi iache. Mimi niliacha kazi Februari 2022, nikapata nyingine Novemba 2023. Nikaandika "2019–2022" na "2023 hadi sasa", hakuna aliyeuliza. Halafu mambo ya familia sheria hairuhusu wakuulize.

Mzee wa Kiwandani: Binti, kama ni mwanya wa michango ya NSSF usiogope. Uliyochangia mwanzo haipotei, unaendelea ulipoishia. Pensheni inataka miezi 180.

Mhasibu wa Mwanza: Shikamoo mzee. Asante, ila nauliza kuhusu usaili.

Mzee wa Kiwandani: Marahaba. Nilisoma haraka. Endeleeni.

Mama Usaili: Nimekaa upande wa pili wa meza miaka kumi na kitu, kwa hiyo nianze na huyu kijana wetu. Miaka bila miezi ilikufaa wewe kwa sababu 2022 na 2023 zinafuatana, macho yanapita. Yeye ataandika "hadi 2021", kisha nini? Shimo linabaki palepale, na sasa linaonekana limefunikwa. Kwenye sheria pia umepata nusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kwa majukumu ya familia, na mwombaji kazi yumo. Lakini kukuuliza ulikuwa wapi toka 2021 hakujakatazwa, na mimi huuliza kila mara.

Hilo la "mshauri binafsi" liache kabisa. Swali langu la pili lingekuwa: wateja wangapi, na risiti za EFD ulizowakatia ziko wapi? Nimemwona mtu mwenye shahada nzuri akiloa jasho kwa maswali hayo mawili. Alikuwa amemlea mtoto mgonjwa, jambo ambalo tungelielewa. Tulimwacha kwa sababu ya ushauri wa kubuni.

Hebu dada, tuandikie unavyosema ukifanya mazoezi. Neno kwa neno.

Mhasibu wa Mwanza: "Kwa bahati mbaya nilipata matatizo ya kifamilia ambayo yalinilazimu kusimama kazi. Haikuwa hiari yangu. Lakini sikukaa bure, nilikuwa najisomea, na naamini nikipewa nafasi sitawaangusha."

Mama Usaili: Ahsante. Tazama nani anasema hapo: ni mtu aliyeshtakiwa. "Matatizo ya kifamilia" yanaweza kuwa talaka, kesi ya mirathi, ugomvi, chochote, na jopo litachagua lake. "Haikuwa hiari yangu" inaleta swali la nani alikulazimisha. "Sikukaa bure" inajibu tuhuma ambayo hakuna aliyeitoa. Na "nikipewa nafasi" ni lugha ya mtu anayeomba msaada. Kinachokosekana ni kile tu tulichouliza: ilikuwa nini, imekwisha lini, na leo uko wapi kikazi.

Tangu Novemba umefanya nini?

Mhasibu wa Mwanza: Nimelipa ada zangu za bodi ya wahasibu, NBAA, zilizokuwa zimelala. Toka Januari nafunga hesabu za kila mwezi za duka la vipuri la binamu yangu, ritani ya VAT naandaa mimi. Ananilipa kidogo. Niliona si kazi ya kutaja.

Mama Usaili: Hiyo ndiyo kazi ya kutaja! Sikiliza: "Machi 2021 niliacha kazi kumuuguza baba yangu baada ya kiharusi. Alifariki Novemba 2024. Toka Januari nafunga hesabu za mwezi za duka la vipuri na kuandaa ritani zake za VAT, na uanachama wangu NBAA uko hai." Halafu funga mdomo. Haizidi sekunde ishirini. Hapo jopo litanyamaza kidogo, wengine wanaandika, mmoja atakupa pole. Watu wengi huharibu kwenye ukimya huo: wanaongeza sababu ya pili, kisha ya tatu, na sauti inapanda. Sema "asante" kwa ile pole, subiri swali.

Kijana wa Ubungo: Na wakimuuliza kwa nini hakuweka mtu wa kumwangalia mzee?

Mama Usaili: "Tulikaa kama familia tukaamua mimi nimtunze." Basi. Akianza kutaja mshahara wa msaidizi na bei ya dawa, ameingia kizimbani mwenyewe. Swali gumu zaidi ni "je, mama naye akiugua?" Hapo usiahidi kwamba hataugua. Sema mpango uliopo, kama upo.

Mhasibu wa Mwanza: Mama anaishi na kaka yangu Geita.

Mama Usaili: Sema hivyohivyo. Kisha jiandae kwa swali la kazi, maana huko ndiko utakakoangushiwa. Chukua hesabu za mwezi mmoja za lile duka, binamu akikuruhusu, ufute majina, uwe tayari kueleza tofauti kati ya daftari la fedha na taarifa ya benki ilitokea wapi.

Kijana wa Ubungo: Sawa, lakini mama, huo ni usaili. Kwenye wasifu wenyewe ukiandika "kumuuguza mzazi" wanakukata kabla hawajakuona.

Mama Usaili: Wapo wanaokata, siwezi kukataa. Nimefanya kazi na mmoja aliyekuwa akiuweka wasifu wa namna hiyo pembeni bila kusoma ukurasa wa pili. Mimi bado ningeandika mstari mmoja, "Machi 2021 – Novemba 2024: kumuuguza mzazi", bila maelezo. Ila huyu dada ameshaitwa. Shimo walishaliona na bado wakampigia.

Fundi Umeme: Naomba niingize langu. Mimi nilikaa nyumbani miezi 20 kwa sonona. Nimepona, daktari ameniruhusu. Nikisema "baba aliugua" watu wanatoa pole. Nikisema "sonona" wanaangaliana. Niseme nini?

Mama Usaili: Kaka, jina la ugonjwa huna haja ya kulitaja. "Niliugua, nilitibiwa, toka mwezi fulani nimeruhusiwa kufanya kazi zote." Inatosha.

Kijana wa Ubungo: Si umetoka kutuambia "matatizo ya kifamilia" ni fumbo linalotisha jopo? "Niliugua" si fumbo lilelile?

Mama Usaili: Umenishika. Tofauti ninayoiona ni kwamba "niliugua" ina mwisho, ina daktari aliyeruhusu. Lakini ndiyo, wengine watakisia.

Fundi Umeme: Na mimi napanda nguzo. Kuna aliyeniambia mwajiri ana haki ya kujua kwa ajili ya usalama, mwingine akasema nikisema tu nimejifukuza. Nimesikia yote mawili na bado sina jibu.

Mzee wa Kiwandani: Mimi nilikuwa msimamizi wa zamu. Ningependa kujua. Na ningekuajiri, ila sijui kama mwenzangu wa zamu ya usiku angekubali.

Mhasibu wa Mwanza: Ile kauli ya Mama Usaili nimemwambia kaka mara tatu kwa simu. Mara ya tatu sikuongeza kitu, akanyamaza, nami nikanyamaza. Akadhani simu imekatika.