Naomba ushauri: maua ya hina yanakatika penye mng'ao wa vidole

Assalaam alaykum jamaa. Nina picha ya bibi harusi, Unguja, mikono imeshika shada na haina hina. Familia inataka niichoree kwa Photoshop maua ya hina, na piko kwenye ncha za vidole.

Kila kidole nimekipa leya yake, nikakikunja kwa `Warp` hadi mistari ikazunguka na kuzama ukingoni. Hapo sina shida. Ua moja kwa mkono mzima ndilo hubaki bapa kama stika.

Tabu ni mng'ao wa fulashi. Kwa `Multiply`, asilimia 80, hina inauzima, kidole kinakuwa kama karatasi. Nikigawa kitelezi cheupe cha `Underlying Layer` (`Blend If`) kwa Alt, 190 na 235, mng'ao unarudi lakini ua linatoboka juu ya fundo la kidole. Hina halisi imo ndani ya ngozi, mng'ao hupita juu yake bila kukata mstari.

Nafikiria kunakili sehemu zenye mng'ao tu, niziweke juu kwa `Screen`, zibanwe ndani ya umbo la hina ngozi ya pembeni isiungue. Mwanzo leya hiyo ya `Screen` mungeipa asilimia ngapi? Na piko, ambayo ni nyeusi, mungeiwekea kiwango chake?