Mhariri anasema nimelegeza, mkaguzi anasema nimekaza: "may", "suggest" na "appear" mnazitafsirije?

Kalamu Kavu
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa kikazi, maana sentensi moja tu imenikalisha siku mbili.

Natafsiri muhtasari wa jaribio la dawa ya kipandauso, usomwe na wagonjwa walioshiriki. Mwandishi anasema matokeo yao "suggest" kwamba dawa "may" kupunguza siku za maumivu kwa mwezi, kwamba "appears" kuwa salama kwa watu wazima, na kwamba "may not" kufanya kazi kwa waliozidi miaka 65. Mimi nikaandika hivi:

"Matokeo yanapendekeza kwamba dawa inaweza kupunguza siku za maumivu, inaonekana kuwa salama kwa watu wazima, na haiwezi kufanya kazi kwa waliozidi miaka 65."

Mhariri akasema sentensi inasitasita, akaigeuza kuwa "Utafiti umeonyesha kwamba dawa hupunguza siku za maumivu na ni salama." Mkaguzi naye aliipeleka ya kwangu ikarudishwa Kiingereza na mtu mwingine, akaniambia nimemlisha mwandishi maneno ambayo hakuyasema. Sasa nimsikilize nani?

Chapa Kazi
Mkuu, hapo usiumize kichwa. Tupa hilo "yanapendekeza", maana kupendekeza ni kumshauri mtu afanye jambo. Mgonjwa akisoma "matokeo yanapendekeza dawa" anajua ameambiwa ainywe. Mimi huweka "inasemekana" au "labda" kila penye mashaka na sijawahi kupata kesi. Ukiwa na wasiwasi, ongeza labda.

Dada wa Fomu
Kaka, pole. Hiyo "may" ilishaniumbua kwenye fomu za ridhaa. Kulikuwa na sentensi ya kusema mshiriki "may" kujitoa wakati wowote, nikaandika "mshiriki anaweza kujitoa". Mama mmoja akauliza, "Nitaweza vipi na mimi mgonjwa?" Tangu siku hiyo naandika "anaruhusiwa kujitoa wakati wowote, bila kuulizwa sababu". Kwa hiyo jibu lako ni "kuruhusiwa".

Kalamu Kavu
Asante dada, ila yangu si ya ruhusa. Hapa mwandishi hana uhakika kama dawa inafanya kazi. Nikiandika "dawa inaruhusiwa kupunguza maumivu" nitachekwa.

Mzee wa Sarufi
Kalamu Kavu, mhariri na mkaguzi wote wawili wamekukosoa sawa, ila kila mmoja ameshika upande mmoja.

Nianze na kosa kubwa, ambalo naona limepita kimya kimya hapa: "haiwezi kufanya kazi kwa waliozidi miaka 65". Mwandishi alisema hajui kama itafanya kazi kwao. Wewe umesema imeshindikana. Kwa Kiingereza kile kikanusho kinakaa ndani ya shaka: kuna uwezekano wa kutofanya kazi. Kwa Kiswahili ukikanusha "kuweza" umekanusha uwezo wenyewe, na shaka imefutika. Babu wa miaka 70 akisoma hapo ataiacha dawa ambayo huenda ingemfaa. Peleka kikanusho kwenye kitenzi cha pili: "huenda isifanye kazi". Hiyo ndiyo ya kurekebisha leo, hata kama mengine yatasubiri.

Sasa "inaweza". Kabla ya kuchagua neno, jiulize shaka iko wapi. Chukua kichefuchefu. Tuseme kwenye jaribio watu 12 kati ya 80 walikipata, na inafahamika kwamba dawa ndiyo iliyokileta. Hapo mwandishi ana hakika na dawa. Asichokijua ni nani kitampata. "Dawa inaweza kusababisha kichefuchefu" ni tafsiri sahihi, kwa kuwa uwezo huo dawa inao kweli. Ukiandika "huenda inasababisha kichefuchefu" umemtilia dawa shaka isiyokuwepo, na mgonjwa anaweza kupuuza onyo.

Kwenye kupunguza siku za maumivu mambo ni kinyume. Mwandishi hajui kama uwezo huo upo. Ukisema "inaweza kupunguza", msomaji wa kawaida anasikia kwamba dawa ina nguvu hiyo, imebaki bahati yake tu. Hapo andika "huenda inapunguza". Neno ni lilelile kwa Kiingereza, lakini kwetu limepasuka vipande viwili, na ni lazima uchague.

Na angalia kinachofuata "huenda". "Huenda ikapunguza" inaelekeza mbele, kwa jambo litakalotokea ukiinywa. "Huenda inapunguza" inazungumzia tabia ya dawa yenyewe, kama ilivyo sasa. Utafiti wako unazungumzia hilo la pili.

Chapa Kazi
Mzee, mbona "inaweza" ipo kwenye karatasi za dawa zote na watu wanaelewa? Na "labda" yangu ina kosa gani?

Mzee wa Sarufi
Kwenye karatasi za dawa mara nyingi ni madhara yanayofahamika, kwa hiyo "inaweza" inakaa vizuri. Ndiyo maana tumeizoea, kisha tunaibeba hadi mahali isipofaa.

"Labda" ni ya mazungumzo. Ukimuuliza mtu kama atakuja akajibu "labda", unajua hawezi kukuahidi, pengine hata hajafikiria. Mtafiti amefikiria, amepima, ana data mkononi. "Inasemekana" ni mbaya zaidi, kwa sababu inaondoa msemaji. Aliyepima yuko hapohapo kwenye ukurasa, wewe unamgeuza uvumi wa barazani. Ila kwenye "kupendekeza" uko sahihi kabisa.

Kalamu Kavu
Basi "suggest" niweke nini? "Yanaonyesha"?

Mzee wa Sarufi
"Yanaonyesha" ni ya mtu aliyekwisha kuona. Iweke akiba kwa pale mwandishi anapodai kabisa. Mimi hutumia "yanaashiria". Wengine hutumia "yanadokeza", nayo si mbaya, ingawa kudokeza kuna harufu ya mtu anayepenyeza siri.

Usiiunganishe na "huenda" ukaiacha moja. "Suggest" inakueleza kwamba dai linatoka kwenye matokeo haya na kwamba matokeo hayatoshi kufunga mjadala. "May" inapunguza dai lenyewe. Mwandishi amepunguza mara mbili, nawe punguza mara mbili, wala usiongeze ya tatu kwa woga.

Na mwambie mhariri wako kwamba ile "hu-" ya "hupunguza" si mapambo. Ni ya jambo la kila siku, kama jua huchomoza mashariki. Ameondoa maneno mawili ya tahadhari, kisha akaweka kiambishi kinachosema ndivyo ilivyo siku zote. Wanaodhani wamefupisha tu huwa hawakioni, kwa sababu ni herufi mbili.

Upepo wa Kusi
Naingilia kidogo. Mimi niko upande wa tabianchi, na kwetu maneno haya yana namba. Kwenye ripoti za IPCC, lile jopo la kimataifa la tabianchi, "likely" ni uwezekano wa asilimia 66 hadi 100, na "very likely" ni 90 hadi 100. Nilikuta tafsiri imeweka "kuna uwezekano" kwa "likely". Msomaji wa Kiswahili akiona "kuna uwezekano wa mvua" anaweza kutoka bila mwavuli. Tukaweka "kuna uwezekano mkubwa", na ile nyingine "mkubwa sana", kisha tukakatazana kubadilisha maneno kwa ajili ya ladha. Ukiandika "yaelekea" ukurasa wa tatu na "yamkini" ukurasa wa tano, msomaji atadhani ni viwango viwili.

Je, mwandishi wako ana namba?

Kalamu Kavu
Hana. Anatumia maneno tu. Ila hilo la kutobadilisha neno nalichukua.

Imebaki "appears". Mkaguzi hakuigusa, mhariri kaifuta.

Mzee wa Sarufi
"Inaonekana" ina macho ndani yake. Kwenye ripoti ya picha za ndani ya mwili ukiandika "uvimbe unaonekana kupungua", mmoja ataelewa kwamba kupungua kunaonekana wazi kwenye picha, mwingine ataelewa ni dhana ya daktari. Hapo ningeandika "yaelekea uvimbe umepungua". Kwenye sentensi yako, "inaonekana kuwa salama" haina hatari hiyo sana, lakini "salama" ina hatari yake. Rudi uone walichopima. Kama walihesabu madhara makubwa kwa wiki kadhaa, sema hivyo.

Dada wa Fomu
Mimi nina swali. Kama mkaguzi alirudisha tafsiri Kiingereza, kwa nini "inaweza" haikukamatwa?

Mzee wa Sarufi
Dada, hapo umegusa penyewe. Anayerudisha ni mtafsiri mwenzetu. Akiona "inaweza" kwenye maandishi ya dawa anaandika "may" bila kufikiri, kwa kuwa anajua inatoka wapi. Njia hiyo hukamata "pendekeza" na "haiwezi", ila "inaweza" inateleza. Ya kuikamata ni msomaji asiyejua Kiingereza cha sentensi hiyo. Msomee, kisha usimuulize kama ameelewa, atakujibu ndiyo. Muulize: "Hawa watafiti wana hakika kwamba dawa inapunguza maumivu, au bado?"

Kalamu Kavu
Nimerudi. Nimewasomea watu watano. "Inaweza kupunguza": wanne walisema watafiti wana hakika. "Huenda inapunguza": mmoja tu ndiye aliyesema wana hakika. Najua watano si utafiti, lakini sikutegemea pengo hilo.

Nimepeleka hii:

"Matokeo haya yanaashiria kwamba huenda dawa inapunguza siku za maumivu kwa mwezi. Kwa watu wazima walioshiriki, yaelekea ni salama: hakuna aliyepata madhara makubwa katika wiki 12 za jaribio. Kwa waliozidi miaka 65, huenda isifanye kazi."

Hiyo ya wiki 12 nimeitoa kwenye jedwali la mwandishi mwenyewe, na nimemwandikia kuomba ruhusa ya kuiweka.

Chapa Kazi
"Huenda" mbili na "yaelekea" ndani ya aya moja. Mhariri ataikata tu.

Kalamu Kavu
Ameshanipigia. Ameikubali "isifanye kazi", ila ile "huenda" ya kwanza anataka iwe "inaweza", eti "huenda" ni ya watabiri wa hewa. Tumekubaliana ajaribu kuwasomea watu wake watano.

Upepo wa Kusi
Watabiri wa hewa tumekusikia.